Hema la Ng'ambo

Mwalimu alikuwa amestaafu, lakini mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Nusu ya watu wazima wa pale walijifunza kugawanya kwa chaki yake, na wengine bado waliikumbuka rula yake vidoleni. Marehemu mumewe alikuwa karani wa mahakama, mtu wa shati jeupe na viatu vya kung'aa, ambaye hakuwahi kudaiwa hata kibiriti dukani. Siku anazikwa, hakimu alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu anaondoka na mikono misafi." Maneno hayo Mwalimu aliyatunza kuliko alivyoitunza nyumba yenyewe.

Kwa hiyo mtoto wao wa pekee alipofungwa, Mwalimu alisema amesafiri.

Kijana alikuwa mtunza stoo katika mji mwingine. Mifuko ya saruji ilitoka kwa mlango wa nyuma, wakubwa wakapona, yeye akakamatwa akiwa na funguo. Mwaka mmoja jela au faini elfu thelathini. Mwalimu alirudi kutoka mahakamani, akaoga, akajifunga kitenge kizuri, akaenda dukani kununua sukari ambayo hakuihitaji. Muuza duka alipomuuliza habari za kijana, alijibu bila kupepesa: "Ameenda ng'ambo. Kapata kazi." Ilipofika jioni, mtaa mzima ulikuwa umeshampongeza.

Tangu siku hiyo kila alichopata alikigawa mara mbili: cha kula na cha faini. Pensheni, na vijisenti vya wanafunzi wa masomo ya ziada waliokuja sebuleni kwake, vyote viliingia kwenye kopo la maziwa nyuma ya vyungu. Mwezi wa tano wa kifungo elfu thelathini ikatimia. Karani wa gereza alikuwa amemwambia wazi: faini ikilipwa yote, kijana anatoka siku hiyo hiyo. Alimwahidi mwanawe kwamba angeilipa Jumatatu.

Ila kabla ya Jumatatu kulikuwa na mkutano.

Nyumba za mtaa zilikuwa zimepigwa alama nyekundu, barabara inapanuliwa. Ofisa wa ardhi alikubali kuja Jumamosi moja tu, aonyeshe ramani ukutani na kusikiliza malalamiko, kwa sharti kwamba watu wote wawe mahali pamoja, wamekaa, si kelele za barabarani. Masika yalikuwa yameanza. Ukumbi uliopatikana ulichukua watu arobaini hivi, na ulikuwa na kuta na paa tu, bila viti. Wengine wangekaa nje chini ya hema.

"Mwalimu, tufanyie hesabu," alisema mweka hazina, muuza vipuri vya baiskeli ambaye darasa la nne alilisoma mara mbili. "Mimi nikigawa mwenyewe watasema nimekula."

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Ukumbi elfu tisini kwa siku. Hema elfu sitini, pamoja na kulisimamisha na kulishusha. Kiti kimoja mia mbili na hamsini. Watu waliojiandikisha ni mia na ishirini, kila mmoja na kiti chake. Elfu moja mia tano kwa kichwa, wala hakuna baki.

Wiki moja baadaye ishirini walijitoa. Walikuwa wapangaji, na wenye nyumba walikuwa wamewaambia fidia haiwahusu.

"Basi si nafuu?" aliuliza mweka hazina. "Watu wamepungua, gharama inapungua."

"Viti vimepungua," Mwalimu alisema. "Ukumbi haujui mko wangapi. Hema nalo halijui. Laki moja na nusu ni ile ile, muwe mia au muwe kumi. Sasa ni elfu moja mia saba na hamsini."

Bei hiyo ilipotangazwa, wengine ishirini na watano wakakunja midomo na kwenda zao. Wakabaki sabini na watano. Mwalimu aligawa tena, akaona jibu, akalitazama kama mtu anayetazama kidonda kinachopanuka. Elfu mbili mia mbili na hamsini. Wakipungua tena, ingepanda tena, na wakipungua zaidi, ofisa angekuta ukumbi umefungwa.

Walikutana jioni kwenye uwanja wa kanisa, wamesimama, maana viti vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vinajadiliwa.

"Elfu mbili na ushee kukalia kiti cha plastiki!" alifoka mwanamke waliyemwita Mama Redio, kwa sababu taarifa kwake hazikuwa na mapumziko. "Kwa bei hiyo nikikalia naenda nacho nyumbani!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti, mzee mwembamba aliyezoea kuomba radhi kabla ya kusema, aliinua mkono. "Samahanini. Hema tukiliacha, je?"

"Na mvua?" mweka hazina akadakia. " Ofisa ataona nusu yetu tumelowa kama kuku, atasema mkutano haukutimia."

"Basi nina neno," alisema Mama Redio, na sauti yake ikashuka kama ya mtu aliyepata dawa. "Humu mtaani kuna nyumba nne zina watoto ng'ambo. Nne! Nyumba ni zao pia, fidia wataila pia. Sisi tubebe ukumbi na viti, wao wabebe hema."

Kelele za kukubali zikapanda. Mweka hazina akageuka. "Mwalimu, hiyo inakujaje?"

Akagawa. Alikuwa amewafundisha watoto wao kwamba hesabu haina upendeleo, na sasa haikuwa nao. "Hema, elfu kumi na tano kila nyumba," alisema. "Kisha kila kichwa, na wao wakiwemo, ukumbi na kiti, elfu moja mia nne na hamsini."

"Chini ya bei ya kwanza!" Mtu akapiga mbinja. "Chini ya bei ya kwanza, jamani!"

Fundi bomba, ambaye binti yake alikuwa ng'ambo akiosha vyombo hotelini, alijikuna kichwa. "Binti yangu si tajiri. Lakini ngoja." Akapiga simu pale pale, akaongea kwa kupayuka, akakata. "Amesema atatuma. Amelia kidogo, lakini atatuma."

Wakacheka tena, na macho yakamhamia Mwalimu.

"Kijana wangu ana majukumu," alisema.

"Nani hana?" Mama Redio akajibu. "Mpigie tu, Mwalimu. Tumsalimu na sisi. Miezi mitano hatujaisikia hata sauti yake."

"Huko sasa ni usiku."

"Kwa binti wa fundi ni mchana, kwa wako usiku. Hizo ng'ambo zenu ziko ngapi?"

Safari hii wachache ndio waliocheka, na hilo lilimtisha Mwalimu zaidi. Aliona paji la uso la mwenyekiti likikunjamana kwa huruma. Aliona pia, wazi kama ubao uliofutwa vizuri, njia mbili. Angeweza kusema maneno matatu tu: mwanangu yuko jela. Hema lingegawiwa nyumba tatu, au lingerudi kwa wote, na Jumatatu kijana angelala kitandani kwake. Lakini kabla ya jua kuchwa, mikono misafi ya karani wa mahakama ingekuwa inasengenywa jiko kwa jiko.

"Hakuna haja ya kumwamsha," alisema. "Hela alishanitumia. Kesho asubuhi mweka hazina aje achukue."

Watu wakampigia makofi.

Asubuhi alihesabu elfu kumi na sita mia nne na hamsini, hema na kichwa chake mwenyewe, akaidai risiti, kwa kuwa risiti ni heshima. Kwenye kopo ilibaki elfu kumi na tatu mia tano na hamsini. Alijua bila kalamu kwamba kuijaza tena ni karibu miezi mitatu, ikiwa hakuna mwanafunzi atakayeacha masomo na yeye mwenyewe hataugua.

Jumamosi mvua ilinyesha kweli. Hema lilisimama, jeupe, kubwa, maji yakiteleza pembeni. Viti sabini na vitano vilijaa, na wasiochanga walisimama nje ya kamba, mifuko ya plastiki vichwani. Ofisa alionyesha ramani, akasema mstari hautasogezwa, fidia italipwa kwa awamu, na tarehe ya awamu ya kwanza bado haijapangwa. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga zile kamba. Mwenyekiti akasimama kushukuru, akaomba radhi, kisha akasema, "Na tusiwasahau watoto wetu wa ng'ambo. Bila wao tungelowa. Mwalimu, simama watu wakuone."

Alisimama. Makofi ya chini ya hema husikika makubwa kuliko yalivyo. Mama Redio alipiga kwa nguvu kuliko wote, akimtazama usoni moja kwa moja, na Mwalimu hakujua kama yule mwanamke alikuwa anampongeza au anamhesabia.

Jumatatu alikwenda gerezani na sabuni na mkate. Kijana alikuja kwenye wavu amenyoa, shati amelikunja vizuri, kama mtu aliyejiandaa kwa safari. Alikuwa amekonda, na alikohoa kabla ya kusalimu.

"Shikamoo, mama. Umeshapita kwa karani?"

"Marahaba." Akaweka mkate kwenye meza ya askari ukaguliwe. "Sijapita."

Hakuwahi kumdanganya huyu mmoja, wala hakuanza siku hiyo. Alimweleza yote: ukumbi, viti, watu waliojitoa, hema. Kijana alisikiliza akiwa ameshika wavu kwa vidole viwili. Aliposikia elfu kumi na tano, alifumba macho, akayafumbua.

"Kwa hiyo nimelipia hema."

"Umelipia."

"Walishukuru?"

"Walikupigia makofi. Mtaa mzima."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na askari akamwambia ajikaze au arudi ndani. Alipotulia, hakuwa anacheka tena.

"Miezi mitatu?"

"Karibu mitatu."

"Haya." Alitazama mikono yake. "Na nikitoka, mama, nitarudi vipi? Mtu wa ng'ambo hashuki kwenye basi na mfuko wa plastiki. Watataka kuona masanduku. Watataka zawadi. Mama Redio atataka manukato." Alisema taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma. "Umelifanyia hesabu hilo?"

Hakuwa amelifanyia. Kengele ililia, kijana akachukua sabuni na mkate, akaingia ndani bila kugeuka.

Njiani kurudi kituoni kulikuwa na kibanda cha mabegi yaliyotumika, yamening'inizwa kwa kamba hadi njiani. Mwalimu alikipita. Akafika kwenye kona, akasimama, watu wakimkwepa huku na huku. Kisha akarudi, akarekebisha kitenge begani, akanyoosha kidole kama alivyokuwa akinyoosha darasani.

"Lile kubwa, la magurudumu," alisema. "Bei gani?"