Shati la Mikono Mitatu

Eufrazia, fundi cherehani wa Bigwa, alikuwa na mwaka wa kumi na mbili akijichoma insulini. Zamani sukari ikishuka alitetemeka na kutoka jasho, akawahi kunywa soda. Siku hizi ilishuka mara kwa mara bila dalili yoyote, naye akajisifu kwamba mwili umekomaa.

Jumatatu moja Mzee Stephano alifuata shati lake la kwaya, akalikuta lina mikono mitatu.

"Mama Happiness, huu wa tatu ni wa nani?"

"Wako. Si nilikupima mwenyewe," alijibu, macho yamelegea, huku akianza kukata wa nne.

Binti yake, Happiness, aliposikia hayo alimtoboa kidole kumpima sukari. Kipimo kikasoma mbili nukta nne, chini mno. Akampa soda. Baada ya robo saa alipima tena, sukari ikawa imepanda. Mama akalitazama shati, akauliza ni mjinga gani aliyelishona.

Kliniki, nesi Joyce alimwambia, "Mwili haujakomaa, mama. Umezoea sukari kushuka, ndiyo maana haukuonyi mapema. Ukikaa wiki kadhaa bila sukari kushuka, dalili zinaweza kurudi."

Daktari akampunguzia dozi. Eufrazia akaanza kupima kabla ya kula, kabla ya kulala na kabla ya kukaa kwenye cherehani, hata alipojisikia mzima.

Mwezi wa pili tangu aanze kupima hivyo, akipinda sketi, vidole vilianza kutetemeka. Alipima: tatu nukta sita, imeshuka. Akanywa soda, kisha akamwita Happiness aje haraka aone mama yake anavyotetemeka vizuri.