Meneja Mpya Anataka Kunisikia

Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni, nilikuwa mlangoni nikichambua ndengu na mama, simu ikalia. Meseji ya yule dada wa ajensi aliyenitafutia kazi ya mapokezi katika hoteli moja Mtito Andei.

"Meneja aliyekupitisha amehamishwa. Aliyechukua nafasi yake anaomba kukuhoji tena kabla ya barua ya kazi kutoka. Kesho saa tatu asubuhi utaweza, kwa video?"

Nikaisoma kwa sauti, na kaka yangu akatoka ndani kusikiliza. Jumapili mama alishasimama kanisani akashukuru kwa ajili ya kazi hiyo, watu wakapiga makofi, nami nikajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Sasa tungewaambia nini?

"Mwambie ulishapita!" kaka akafoka. "Kwani wewe ni ng'ombe wa mnada, kila mtu akufungue mdomo?"

"Na wewe umewahi kuhojiwa na nani," mama akamuuliza, "ukitoa polisi wa barabarani?"

Nilianza kuandika, "Samahani sana kwa usumbufu." Kaka akachungulia. "Umemsumbua nani sasa?"

Hapo alisema kweli. Nikafuta, nikaandika upya:

"Asante kwa kunijulisha. Kesho saa tatu niko tayari. Naomba kujua: yale mahojiano ya kwanza bado yanahesabika, ama tunaanza upya? Na meneja angependa tuzungumzie nini hasa?"

Nikatuma nimefumba macho, kisha nikaizika simu ndani ya ndengu. Mama alicheka mpaka ungo ukatikisika.

Jibu lilikuja upesi. "Umeuliza vizuri. Maoni ya meneja wa kwanza, huyu mpya ameyasoma na ameyapenda. Lakini barua haikuwa imetiwa sahihi, kwa hivyo uamuzi ni wake. Anataka kusikia unavyoongea na wageni. Nusu saa tu."

"Kwa hivyo kazi iko ama haiko?" mama akauliza.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "haijapotea. Lakini pia sijaipata."

"Basi tulishukuru mapema kidogo tu," akasema, akaendelea kupepeta.

Asubuhi nilipanda kilimani, kwenye matuta ya juu ya shamba, pale mtandao unaposhika: juu blauzi ya kanisa, chini gambuti za shamba. Meneja mpya alikuwa mama wa miwani. Akauliza, "Mgeni amefika, na chumba alichoahidiwa hakiko tayari. Utamwambia nini?"

Nikamwona huyo mgeni: alikuwa mimi, jana saa kumi na dakika kumi.

"Nitamwambia ukweli haraka," nikasema, "na nimwambie kilichobaki cha ahadi yake. Mtu anaweza kungoja. Kutojua ndiko kunakomchosha."

Akaandika kitu. Kisha akatabasamu. "Barua naitia sahihi leo. Jumatatu uje na vitambulisho vyako."

Huko chini mama alikuwa amesimama uani, mkono kwenye paji la uso, akinitazama. Mimi, ambaye darasani nilikuwa naitikia jina kwa kunong'ona, nikaweka mikono mdomoni nikapiga kelele bonde zima likasikia: "Mwaitu! Nimepata!"