Wali Tumboni mwa Kuku

Wakwe wa dada yangu walifika kutoka Kibombo kabla ya adhuhuri, na mchele wa shamba lao. Kwetu, mchele wa upande wa mume hupikwa, hujazwa tumboni mwa kuku, kisha kuku huokwa na kuwekwa mzima mbele ya baba wa bwana harusi. Wali huchotwa mbele ya macho yake. Kuku aliyekatwa jikoni maana yake ni kwamba familia ya binti imemkataa kijana. Wengine hukichukulia kitendo hicho kuwa mchezo. Watu wa Kibombo hawakichukulii hivyo.

Mimi nilikuwa na hofu nyingine. Baba mkwe wa dada alikuwa ametoka hospitalini majuzi, tumbo lake bado dhaifu. Kuku mbichi angeweza kumrudisha huko, au kumpeleka mbali zaidi.

Niliijua hofu hiyo tangu miaka ya vita. Tulikuwa tumejificha shambani, pembeni mwa njia ya Kalima, na mama alichoma kuku juu ya makaa. Risasi zikasikika. Aliogopa moshi ungetuonyesha, akaumwagia moto mchanga. Ngozi ilikuwa nyeusi, nyama ya pajani ikivutika kama mpira. Tulikula hivyo hivyo, kwa njaa. Baadaye baba alishikwa na kuhara na homa, tukambeba mgongoni kwa zamu porini. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kuwa ni kuku. Maji tuliyokunywa nayo yalikuwa machafu. Alipona, lakini mama hakuchoma kuku tena. Alichemsha tu.

Sasa kuku wetu alikuwa ndani ya tanuri la pipa analotumia shangazi kuokea mikate, makaa chini, makaa juu. Shangazi aliwahi kupika katika nyumba ya wageni, na huko alipata kipimajoto chake cha sindano.

Baba mdogo, msemaji wa familia, aliingia jikoni kumhimiza shangazi, dada yake mkubwa.

"Yaya, toa basi. Kuku ameshakuwa mwekundu kama tofali!"

"Ngozi tu njo yenye kuiva, mudogo wangu. Wewe utakula ngozi peke yake?"

Alimtoa kuku, akamshika mguu na kuutikisa. Ulicheza kwenye kiungo. Akachoma sindano kwenye paja, mahali penye nyama nene, akiiepusha na mfupa, kwa kuwa mfupa huipotosha sindano. Namba zilipanda, zikasimama kwenye nyuzi sabini na sita. Palipochomwa palitoka maji meupe, bila wekundu.

"Si unaona?" alisema baba mdogo, tayari ameshika sinia. "Sabini na nne njo inatakiwa. Imepita!"

"Hiyo ni paja. Wali je?"

Aliisafisha sindano kwa maji yaliyochemka, akaiingiza kwa njia ile ile tuliyojazia wali, hadi katikati. Sikuhitaji kuuliza. Sitini na moja.

Nilielewa palepale. Wali tulioujaza ulikuwa umepoa, na damu na maji ya kuku mbichi vilikuwa vimeushukia. Nyama ilikuwa tayari kabla ya kile kilichofichwa ndani yake.

"Tuuchote, tuutie kwenye sufuria," nilisema.

"Mchele wa wakwe utoke kwenye sufuria?" baba mdogo alinijia juu. "Unataka warudi Kibombo na kijana wao?"

Shangazi alimrudisha kuku tanurini, akapunguza makaa ya juu ngozi isiungue. Kisha tukamsikia msemaji wa wakwe sebuleni, kwa makusudi akipaza sauti: "Kwetu muntu akichelewesha kuku, iko anatafuta maneno ya kumukataa kijana!"

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye kitambaa cha kichwa.

"Shangazi, wanaondoka."

"Waambie tunangoja kwa ajili ya tumbo la baba yao."

Dada alienda. Sikusikia alichosema. Sindano ilionyesha sitini na tisa. Baba mdogo akatukana tanuri. Sabini na mbili. Sebuleni kiti kilisogezwa, mtu akasimama. Shangazi alifunga tena mfuniko, akasimama mbele yake kana kwamba mmoja wetu angeufungua.

Sabini na tano, katikati ya wali. Akapima paja na kifua; vyote vilikuwa juu zaidi.

Tuliingia na sinia. Mzee alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Alimtazama kuku pande zote, mzima. Akakaa.

"Nyama ya kifua imekauka kidogo," alisema baada ya kula.

Aliomba wali zaidi.

Wakwe walirudi kwao jioni; asubuhi dada alipiga simu Kibombo kabla hata ya kunawa uso. Sote tulikuwa tumemzunguka.

"Baba amelala muzuri?"

Alisikiliza, kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Amelala muzuri. Anauliza harusi ni lini."