Mifuko Mia Mbili na Arobaini

Kila Krismasi, watu wakishashiba, baba yangu mdogo alikuwa akieleza kwa nini nyumba ya mama haikuisha. "Udongo wa huku Kariandusi ni mwepesi kama unga," alikuwa akisema, huku anachokoa meno. "Unameza sementi. Mifuko mia mbili na arobaini, na hatukufika hata lenta!" Watu walitikisa vichwa, wakamwonea mama huruma, wengine wakamcheka kidogo. Mama alikuwa akiinuka kuosha vyombo. Mimi nilibaki nimekaa, nikimtazama baba mdogo mdomo.

Baba alifariki akiwa mfanyakazi wa kituo cha umeme cha Olkaria, na pesa zilizolipwa baada ya kifo chake zilikuwa za jambo moja tu, nyumba ya vyumba viwili vya kulala, sebule na jikoni. Mdogo wake ndiye aliyejitolea kusimamia. Alisema mafundi hawamheshimu mwanamke, hasa mjane, na mama alikubali kwa sababu alikuwa amechoka kulia na hakutaka pia kugombana na mchanga na kokoto. Kila baada ya siku chache baba mdogo alikuja mlangoni na habari ileile kwamba sementi imeisha. Mama alihesabu noti akampa. Kuta zilipofika juu ya madirisha, pale ambapo zege la lenta hupita kuzunguka nyumba nzima, pesa zilikwisha, na fundi akapakia vifaa vyake akaondoka.

Mama alirudi kwenye chumba chake cha mabati, chenye sakafu ya udongo, akakaa humo miaka mingi. Mvua ikinyesha aliinua magodoro juu ya viti. Mwaka uleule baba mdogo aliweka sakafu ya sementi kwenye boma la ng'ombe wake, nene na laini, yenye mfereji wa kupitisha mkojo. Ng'ombe walilala pakavu na mama akalala matopeni. Kila mtu aliiona hiyo sakafu, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Nilipomaliza shule nilipata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Nilidhani nitakuwa nauza misumari tu. Lakini wateja wetu wengi huja na ramani iliyokunjwa mfukoni na swali moja: "Madam, hii nyumba itanikula pesa ngapi?" Mwenye duka alichoka kuwajibu, akanifundisha. Unapima urefu wa kuta zote, za nje na za ndani, unazidisha na kimo chake. Unatoa milango na madirisha, maana watu wengi husahau kuyatoa na hununua bloku za kujenga hewa. Kinachobaki ni mita za mraba, na kila mita moja inataka bloku kumi na mbili na nusu, zile za sentimita arobaini kwa ishirini. Halafu unaongeza kidogo za kuvunjika. Sementi unaihesabu kwa sehemu, yaani msingi peke yake, slabu ya zege chini ya sakafu peke yake, kuta, lenta, plasta. Mchanga na kokoto ni kwa lori. Fundi na vibarua wake huchukua kama theluthi ya gharama ya vifaa, ukipatana vizuri. Ukisahau maji ya kununua kwa bauza, lile lori la tangi, umeumia.

Nyumba ya kwanza niliyoipigia hesabu mwenyewe, bila mtu kuniangalia, ilikuwa ya mama. Nilienda Jumapili na futi ya kupimia, nikapita kwenye magugu yaliyoota sebuleni, nikapima kila ukuta. Mama aliuliza natafuta nini. Nikamwambia nafanya mazoezi ya kazi. Jibu lilipotoka niliketi mlangoni pa chumba ambacho kingekuwa changu, nikarudia hesabu tangu mwanzo. Hadi chini ya lenta, nyumba ile haikuweza kula zaidi ya mifuko mia na ishirini, hata kama fundi alikuwa mlevi. Mifuko mingine mia na ishirini haikumezwa na udongo. Ile iliyopotea ingemaliza nyumba na ikabaki.

Sikusema kitu. Ningesema, angeniuliza mimi ni nani. Angesema wasichana wa siku hizi wanajua simu tu, angetaja bei, angetaja udongo, na fundi yule hakuna aliyejua alikoenda. Niliamua kwamba siku moja hesabu hiyo ataitoa yeye, kwa mdomo wake, mbele ya watu walewale wa Krismasi. Nilimchukia kwa utulivu. Nilikuwa nikipika nikiwaza maneno yake, nikilala nikiyawaza, na nilikuwa na subira ambayo hata mimi ilinishangaza.

Mwaka huu akaja dukani mwenyewe. Anamjengea kijana wake nyumba, alisema, pale kwenye shamba lake linalopakana na la mama. Alitoa ramani kutoka kwenye bahasha na niliitambua kabla hajaikunjua. Ilikuwa ileile ya nyumba ya mama, maana hakutaka kulipa mchoraji mwingine.

"Fundi ameniambia mifuko mia mbili na sitini," alisema, akiegemea kaunta. "Nikamwambia, boss, mimi si mtoto. Nyumba kama hii ni mia mbili, imeisha, na plasta ndani. Hao mafundi ni wezi sana."

"Na udongo, Anko? Si wa huko unameza?"

"Wacha hiyo. Udongo hauli sementi. Watu ndio wanakula."

Nilishika kaunta kwa mikono yote miwili. Nikapiga hesabu pale mbele yake, taratibu, nikakuta yuko sawa kabisa. Alikuwa ametoa hata milango na madirisha. Mtu huyu alijua kila kitu, na alikuwa amekijua tangu zamani. Jumla ya nyumba nzima, pamoja na mabati, milango na fundi, ilikuja kama milioni moja na laki tatu. Nikampunguzia bei ya sementi zaidi kuliko nilivyowahi kumpunguzia mteja yeyote, akalipia mifuko mia moja ya kuanzia, iletwe Jumatatu. Alifurahi sana.

"Anko," nikamwambia nikimpa risiti, "siku ya kuombea kiwanja waelezee watu hii hesabu. Watu wa kwetu wanaogopa kujenga kwa sababu hawajui."

"Hiyo ni ukweli," akasema. "Lazima niwafunze."

Jumamosi tulikusanyika shambani kwake. Vigingi vilikuwa vimepigwa na kamba nyeupe imevutwa kuonyesha vyumba. Mchungaji aliombea kiwanja, wali na nyama vikaliwa. Kisha baba mdogo akasimama ndani ya kamba, mahali ambapo sebule ingekuwa, akaanza kufundisha. Alikuwa mwalimu mzuri, sitamnyima hilo.

"Msingi na kuta zake, mifuko arobaini na nane. Slabu, arobaini na tano. Kuta, ishirini na tano. Lenta, kumi na moja. Plasta na sakafu, hamsini na tano. Ongeza kumi na sita za kuharibika. Hiyo ni mia mbili. Mtu akikuambia zaidi ya hapo, huyo anakuibia!"

Watu wakapiga makofi. Nikainua mkono.

"Anko, na ukisimama chini ya lenta, hujaweka plasta, ni ngapi?"

"Hapo?" Akatazama juu akihesabu. "Mia na kumi. Mia na ishirini, kama fundi ni mbaya."

"Na hii ni ramani ya nyumba gani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Niliona macho yake yakienda upande wa mama, kisha yakakimbia. Aliyejibu ni shangazi, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, aliyekuwa amekalia kiti cha plastiki na sahani mapajani.

"Hii si ramani ya nyumba ya shemeji yako?" akauliza. "Ile ulisema ilimeza mia mbili na arobaini, na haikufika lenta? Si umetuambia kila Krismasi?"

"Hiyo ilikuwa zamani," akasema baba mdogo. "Bei ya vitu imebadilika."

"Bei ndiyo hubadilika," nikasema. "Idadi ya mifuko haibadiliki."

"Lakini udongo wa pale..."

Binamu yangu mmoja akapiga teke ardhi, vumbi jeupe likaruka. "Udongo si ni huu? Kutoka hapa mpaka pale ni kurusha jiwe."

Mchungaji akafungua Biblia, akapendekeza tufunge kwa neno la maombi. Shangazi akamwambia aketi. Akaweka sahani chini, akasimama, akanyoosha kidole kuelekea boma.

"Ng'ombe wako wanalalia nini?"

Wote tukageuka kutazama. Fahali mmoja alikuwa amelala pale, anacheua kwa raha zake, juu ya sakafu laini. Nilitamani baba angekuwepo. Nilitamani kicheko changu kisitoke, lakini kilitoka, na sikukizuia.

Shangazi alisema hakuna shimo litakalochimbwa kwenye kiwanja kile mpaka nyumba ya mjane iishe, na sementi itakayofika kwanza iende huko. Akauliza kama kuna anayepinga. Hata kijana wa baba mdogo, ambaye nyumba ilikuwa yake, alitazama viatu vyake tu. Baba mdogo akasema sawa. Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba shangazi alimlazimisha arudie.

Jumatatu nilipanda kiti cha mbele cha lori la duka. Tulipofika njia panda, dereva akawasha indiketa ya kulia, kwa maana risiti ilisema kulia. Nikamwambia akate kushoto, kwa mama. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye geti lake, akaona mifuko yake mia moja ikipita. Nikampungia mkono.

Kazi ilianza kwa kubomoa kozi ya juu, ule mstari wa mwisho wa bloku, iliyoliwa na mvua. Lenta ikamwagwa, kuta zikapanda, mabati tukanunua mimi na binamu zangu kwa kuchanga, plasta ikafuata, na mwisho sakafu. Mifuko ilitosha. Muda huo wote mama hakusema lolote kuhusu shemeji yake, wala kuhusu jambo nililofanya. Nilianza kuudhika. Nilikuwa nimembebea kisasi hiki miaka yote, na yeye alikuwa akiuliza tu kuhusu rangi ya mapazia.

Siku ya kuhamia watu walijaa. Baba mdogo alikuja kuchelewa, akiwa amevaa koti na ameshika pakiti ya sukari. Vigingi vyake vilikuwa bado shambani na mbuzi walikuwa wameshakata kamba. Alisimama mlangoni, hajui aingie au arudi. Nilikuwa naenda kumkabili, maneno yote yako tayari mdomoni, lakini mama alinisukuma kando taratibu kwa kiwiko. Akapokea sukari.

"Karibu, shemeji," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Ingia uone sementi yako."

Baba mdogo akainua mguu kuvuka kizingiti. Mama akamwekea mkono kifuani, akatazama chini, kwenye buti zake.

"Lakini vua viatu kwanza. Hapa si kwa ng'ombe."

Baba mdogo akainama mbele yetu sote, akaanza kufungua kamba za buti.