Ndululu Asiyeshuka Baiskeli

"Mimi nikipanda baiskeli sishuki mpaka nifike!" Ndululu alitangaza sokoni Kitui mwaka wa 1951, amesimama juu ya gunia la mbaazi ambalo halikuwa lake. "Iwe mto, iwe mlima, iwe mbwa. Aliyewahi kuniona nikisukuma baiskeli kama anayeburuta ndama, ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu. Lakini tuseme ukweli. Barabara za Kitui siku hizo zilikuwa na gari la DC, basi moja, na mbuzi wasiohesabika. Mbuzi walipisha, na gari la DC lilisikika likiwa bado maili mbili. Kwa barabara kama hiyo hata babu yangu angekuwa bingwa, na babu yangu hajui kuendesha.

Abdulatif, mwenye duka, alikuwa akisikiliza. Alikuwa ananunua mayai vijijini na kuyapeleka kwa basi hadi Nairobi, kwa dada yake Tima aliyekaa Pumwani. Tima alikuwa amepata mteja, Bwana Pinto, Mgoa mwoka keki aliyekuwa na duka mjini. Alitaka mayai mia moja na ishirini kila Jumatatu na Alhamisi, kabla ya saa moja asubuhi, na alitaka yafike yakiwa bado mayai.

"Wewe usiyeshuka," Abdulatif akamwambia Ndululu, "nenda kwa dada yangu, umpelekee mteja hayo mayai."

Ndululu akaenda, baiskeli juu ya basi, yeye ndani akihutubia abiria. Tanboi wa basi, yule mpakia mizigo, Muthama, alimsikiliza safari nzima bila kujibu, kama mtu anayeweka akiba.

Jumatatu asubuhi Tima akapanga mayai kwenye vikapu viwili, kila yai limezikwa kwenye makapi ya mtama, akavifunga nyuma ya baiskeli. Halafu akaitazama ile baiskeli.

"Mwanangu, kengele iko wapi?"

"Ya nini, mama? Mdomo ninao."

Akashika barabara kuu. Wenye kujenga barabara ile walikuwa wamekumbuka kila kitu: lami kwa magari, mawe meupe ya urembo katikati, mtaro wa maji pembeni. Mtu wa miguu walimsahau kabisa. Kati ya lami na mtaro palibaki ukanda wa kokoto usiotosha hata kuku mnene. Ndululu akajibana kushoto kama sheria inavyotaka. Lori la kwanza likampita, akayumba. La pili likapita karibu zaidi, upepo wake ukamvua kofia. La tatu lilipopiga honi, Ndululu alikuwa tayari anaelekea mtaroni, na hakushuka baiskeli hata kidogo. Walishuka pamoja.

Mayai sabini na matatu yakavunjika. Bwana Pinto alitazama vikapu vinavyochuruzika.

"Mimi hupiga mayai mwenyewe," akasema. "Alhamisi ni mara ya mwisho. Ukileta uji tena, nitanunua kwa mwingine."

Kukosa kazi lilikuwa jambo moja. Jambo lililomnyima Ndululu usingizi ni kwamba angerudi kwa basi lile lile la Muthama, hadi soko lile lile, kwenye gunia lile lile.

Jirani yake Tima alikuwa mama mmoja Mkamba, Syombua, aliyebeba sukuma wiki na kabichi mgongoni kila asubuhi kwenda kuuza mjini. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa na miguu yake yote miwili bado alikuwa nayo. Ndululu akamwendea.

"Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, "wewe unapita wapi?"

"Asi! Nani alikwambia barabara ni ya watu? Kesho uje. Baiskeli uje nayo, lakini usiipande."

"Nisipande?"

"Matako yako hayana macho. Tembea uone kwanza."

Jumanne wakatembea. Palipokuwa hakuna njia ila ukingo wa barabara, Syombua alimvusha upande wa kulia. "Ukiwa kwa miguu, magari yaje usoni," akasema. "Lori likuue ukiliangalia, angalau utalitukana." Kwenye kiplefti hakukubali kuvuka pale magari yanapozunguka. Alirudi nyuma hatua hamsini, mahali barabara inaponyooka na dereva anakuona mapema, akavuka nusu, akasimama kwenye mawe ya katikati, akavuka nusu ya pili. Halafu akafuata nyasi zilizokufa. "Palipokufa nyasi, watu wamepita. Watu wakipita kwa wingi, wanajua kitu." Nyasi zilizokufa zikawapeleka nyuma ya nyumba za reli, hadi mtoni, palipo na mbao mbili za kuvukia, na kutoka hapo hadi kwenye uchochoro mrefu nyuma ya maduka ya Wahindi.

Uchochoro ulikuwa mpana, mnyoofu, mgumu chini, na hakuna gari lililoutaka. Sababu ilifika puani kabla ya machoni. Humo ndimo walimopita wafanyakazi wa baraza la mji kubeba ndoo za vyoo.

"Hapa tu ndipo utapanda," Syombua akasema. "Kwenye kiplefti unashuka. Kwenye mbao unashuka."

"Mwaitu, mimi sishuki."

"Basi mayai yatashuka peke yake. Si yanajua njia?"

Alhamisi ikafika, na Muthama naye. Basi lilikuwa limelala Nairobi, na tanboi alikuwa ameamka mapema, amevaa shati jeupe jipya, ili tu aone kama Ndululu atashuka.

Kwenye kiplefti Ndululu alitazama magari, akatazama vikapu, akamtazama Muthama. Akashuka.

"Uuui!" Muthama akapiga kelele. "Kitui watasikia! Anaburuta ndama!"

Kwenye mbao akashuka tena, akasukuma polepole, mkono mmoja kwenye vikapu. Muthama akahesabu kwa sauti: "Mara ya pili!" Syombua alikuwa mbele na kabichi zake, hakugeuka.

Kwenye uchochoro Ndululu akapanda, na aibu yote ikageuka mwendo. Akampita Syombua kama risasi. Muthama akakimbia nyuma yake, amejibana ukutani, asikose kuona. Hapo mlango mdogo ukafunguka mbele yao, akatoka mzee mwenye ndoo begani.

Ndululu alikuwa na mdomo. Mdomo haukusema kitu. Aliruka chini, akaikumbatia baiskeli isianguke, mayai yakatikisika ndani ya makapi, yakatulia. Mzee naye akaruka upande wa ukuta. Ndoo haikuanguka, ila ilitoa kidogo, na kidogo hicho kikamkuta Muthama na shati lake.

Mzee akaitua ndoo, akaitazama baiskeli.

"Huna kengele?" mzee akauliza.

"Nina mdomo," Ndululu akajibu kwa sauti ndogo.

"Nimeusikia."

Syombua akafika, akatua kabichi. "Jumatatu ulilia mpaka Pumwani nzima ikajua, eti lori zinakusukuma mtaroni. Haya niambie, mwanaa. Humu ndani, lori ni nani?"

Ndululu akampisha mzee wa ndoo. Akasukuma baiskeli hadi mwisho wa uchochoro, nyuma ya wote, hata nyuma ya ndoo.

Bwana Pinto akahesabu mayai mia moja na kumi na tisa mazima. Lile moja lililopasuka akalikaanga papo hapo, akala. "Jumatatu tena," akasema.

Basi lilirudi Kitui siku hiyo, Muthama akisafiri juu na mizigo kwa ombi la abiria. Sokoni watu wakamzunguka: je, Ndululu alishuka? Muthama akatazama milima. "Sikuona vizuri," akasema, maana kuyasema yote kungefika mpaka kwenye shati. Sisi tuliyapata kwa Syombua, ambaye hakuwa na shati la kuficha.

Jumamosi Ndululu akaingia duka la vipuri, akajaribu kengele nne, akachagua yenye sauti kubwa zaidi.

Shilingi mbili na senti hamsini.