Mrija wa Sentimita Tano

Hebu mwone akifika: mwanamke wa makamo, viatu vya raba, mirija miwili imechomoza kwenye mfuko wa kifuani kama kalamu za karani. Mkononi ana glasi iliyopigwa mistari ya sentimita kwa wino mweusi. Hospitalini wanamwita Mama Mrija. Kazi yake ni kuwarudishia watu sauti, na leo amekuja nyumbani kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimharibia mambo.

Mwenye nyumba ni mwalimu wa hisabati. Aliumia shingo, miguu ikagoma, na misuli ya tumbo ikalegea. Miezi miwili iliyopita mkuu wa shule aliandika barua kuuliza: huyu ataweza kusikika darasani? Mama Mrija akaenda wodini, akamkuta mwalimu amelala chali, akamwekea mrija mrefu mdomoni, ncha yake imezama sentimita tano majini. Hewa isukume kina hicho ndipo povu litoke, na msukumo huo, chini ya nyuzi za sauti, unatosha mazungumzo ya kawaida. Mwalimu alitoa povu sekunde tano kamili. Vizuri!

Kesho yake akamsikia akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Maneno matatu, pumzi. Mawili, pumzi. La mwisho kila mara likazama. Mama Mrija, haraka zake hizo, akaandika: "Pumzi anayo. Hajitahidi."

Darasa likapewa mwingine.

Juzi tu, akimpima mgonjwa mwingine mara mbili, kalala na kaketi, ndipo alipoliona kosa lake. Mtu mwenye tumbo legevu akilala chali, matumbo husukuma kiwambo cha pumzi, ule msuli ulio chini ya mapafu, juu kifuani, kwa hiyo akivuta hewa, kiwambo kina nafasi ndefu ya kushuka. Akiketi, kila kitu kinaning'inia. Kiwambo kimeshashuka tayari, hewa inaingia kidogo, na hakuna tumbo la kuisukuma itoke. Yule mwalimu alikuwa amempima kitandani, akamhukumu kitini.

"Karibu, dada," mke wa mwalimu alimpokea. "Huyu wako yupo, kanuna kama kawaida."

"Sijanuna," mwalimu alisema. Akavuta hewa. "Naweka akiba."

"Akiba ya nini, baba watoto? Ukiniomba chai huwa nasikia mbu!"

"Mbu naye..." pumzi, "...hujibiwa."

Mama Mrija alicheka. Akajaza glasi maji, akazamisha mrija sentimita tano. Mwalimu akiwa ameketi, povu lilitoka sekunde mbili, likafa. Akatoa mkobani mkanda mpana wa kitambaa ambao daktari alikuwa ameuidhinisha, akamfunga tumboni, chini ya mbavu, umbane bila kumwumiza.

"Unanifunga kama gunia," mwalimu alilalamika.

"Gunia lisilofungwa humwaga, mwalimu. Vuta hewa nyingi. Usikae nayo, anza kusema hapo hapo. Na usingoje iishe. Vuta tena mahali maana inapokatika."

Povu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mke alihesabu kwa vidole.

"Sasa nifundishe," Mama Mrija alisema.

"Pembe tatu za pembetatu yoyote," alisema mwalimu, akavuta hewa, "ukizijumlisha zinafanya nyuzi mia na themanini." Neno la mwisho lilifika mpaka jikoni, zima kama la kwanza.

Mke alikaa kwenye stuli. "Mwenzangu, nisamehe. Mimi nilisoma kwenye faili kwamba hujitahidi. Kila siku nakupigia kelele, sema kwa nguvu, sema kwa nguvu. Kumbe nguvu yenyewe huna pa kuitoa!" Akamgeukia mgeni. "Dada, ni nani aliandika vile?"

Angeweza kusema sahihi haisomeki. Kweli haisomeki, mwandiko wake ni wa kuku.

"Ni mimi," alisema, akamgeukia mwalimu. "Nilikupima umelala, nikakudai sauti umekaa. Asubuhi nimempelekea mkuu wa shule ripoti mpya, nimeandika kosa ni langu. Amesema muhula huu darasa lina mtu. Ujao atakusikiliza." Aliitazama glasi. "Mwalimu, nisamehe."

Mwalimu alimtazama mgeni wake, mkanda ukipanda na kushuka.

"Nimekusamehe," alisema.

Sentensi ilikuwa haijaisha. Mama Mrija alijua kwa jinsi sauti ilivyobaki juu. Kazi yake ni kupima nafasi kati ya maneno, na nafasi ya mwalimu, tangu afungwe mkanda, ilikuwa sekunde moja. Alihesabu bila kutaka: moja, mbili, tatu, nne.

"...dada yangu," mwalimu akamalizia, polepole.

Mama Mrija alitoka na glasi yake tupu, na mpaka leo anazihesabu zile sekunde nne. Na wewe uliyekuwa nasi chumbani, unadhani mwalimu alikuwa anatafuta hewa tu?