Simu ya Rafiki wa Mbuzi

Sitaki kusikia mtu akiniambia eti simu ya bei kubwa ndiyo rahisi mwishowe. Niliambiwa hivyo Lodwar, na mtu ambaye baba yangu alimpa baba yake mbuzi mwaka wa ukame. Kwetu mbuzi wa namna hiyo huunganisha koo mbili. Mnakuwa ndugu, marafiki wa mbuzi, na ndugu haombwi apunguze bei wala bei yake hailinganishwi na ya duka la jirani.

Nilikuwa napiga picha na video za harusi Kakuma, mjini na katika kambi ya wakimbizi, kwa simu mbovu iliyozimika bwana harusi akimvisha bibi harusi pete. Aibu niliyoipata siku hiyo, wacha tu. Binti yangu ndio kwanza alikuwa kidato cha kwanza, na nilishaapa kwamba akimaliza ataenda chuo cha uuguzi. Nikauza mbuzi wangu kadhaa, nikapanda gari kwenda Lodwar, kwenye duka la simu la rafiki wa mbuzi.

"Ejok, dada!" akanisalimu Kiturkana, akanivutia kiti, akaagiza chai. Akaweka simu mbili mezani, moja ya elfu mia moja na thelathini, nyingine ya elfu thelathini na tano. Mkono wangu ukaenda kwa ile ndogo. Akacheka.

"Dada, piga hesabu ya miaka minne. Hii ndogo baada ya mwaka na nusu haipati tena masasisho ya programu, na betri itakufa kwa joto letu. Utanunua tatu, na mwishowe huna cha kuuza. Hii kubwa utaitumia hadi mtoto amalize shule, kisha uirudishe hapa. Mimi mwenyewe nitakupa hamsini. Itakuwa imekugharimu themanini tu."

Tatu mara thelathini na tano ni mia na tano. Themanini ni chini ya mia na tano. Hata mbuzi angeelewa. Sikuuliza hamsini hiyo iko wapi kwenye risiti, wala kioo kikivunjika ni bei gani. Ningemuulizaje ndugu? Nikarudi Kakuma nikimwambia binti, "Karo ya muhula wako wa kwanza chuoni ninaishika mkononi."

Simu ilikuwa nzuri, sikatai. Picha zake ziliniletea kazi. Lakini mwaka wa pili ilianguka kwenye kokoto, kioo kikapasuka. Fundi wa Kakuma alikataa kuigusa, akasema vioo vya simu hiyo hana. Nikaipeleka Lodwar.

"Arobaini, dada. Kioo chake halisi, kinatoka Nairobi."

Elfu arobaini! Kioo peke yake kinapita bei ya ile simu ndogo nzima. Nikalipa, maana nisingelipa ile hamsini ingeenda na maji. Mwaka wa tatu betri, elfu tisa nyingine.

Binti akamaliza kidato cha nne, akapata nafasi chuoni. Nikaivaa kanga yangu nzuri, nikaenda Lodwar kuchukua hamsini yangu.

Rafiki wa mbuzi aliingia kwenye mipangilio ya simu yangu, akanionyesha maandishi madogo: kioo si cha kiwandani. "Pole, dada. Kwa kioo bandia nitakupa kumi na mbili. Nani alikuwekea?"

Ebo! Nilimtazama. "Si wewe?"

Akawa anafuta meza, na meza haikuwa na vumbi. Akasema fundi wake alimdanganya, biashara ni ngumu, nimwelewe. Mkewe alikuwa pembeni akimpigia mteja picha ya simu, na alikuwa anatumia ile ndogo ya elfu thelathini na tano. Rangi ileile ya siku ile mezani.

"Shemeji, hiyo bado inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Mwaka wa nne huu," akasema bila kujua kitu. "Kioo kimoja elfu sita, betri elfu tatu. Mume wangu aliniambia niachane na zile kubwa, zinakula pesa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Simu yangu, ukitoa hiyo kumi na mbili, ilikuwa imenila elfu mia moja sitini na saba. Ya mkewe, arobaini na nne. Na rafiki wa mbuzi alijua tangu siku ile ya chai.

Kwetu mbuzi wa urafiki hadaiwi. Ukimdai, umekata kila kitu, na watoto wenu wakikutana watapitana njiani. Baba yangu hakumdai hata wakati wa njaa yake mwenyewe.

Nikasema, "Nirudishie mbuzi wa baba."

Alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka, akaketi. Mkewe akaweka simu chini.

Sikungoja jibu. Nilirudi Kakuma na simu yangu, na binti alikuwa mlangoni, amekwisha kufunga sanduku.

"Mama, ametoa hamsini?"